Umeagiza mzigo kwa simu? Andika mlichokubaliana kabla hujatuma arbuni

Kuna aina moja ya simu ambayo wenzetu wa huduma kwa wateja hawaipendi, na si kwa sababu mteja ana hasira. Ni kwa sababu mteja ana haki na bado hatuwezi kumsaidia. Anapiga akitaka arudishiwe pesa. Tukiangalia muamala, kila kitu kiko sawa: pesa imeenda kwa namba aliyoitaka, jina ni lile lile, kiasi ni kile alichoandika mwenyewe, na namba ya siri ni yake. Shida yake iko kwenye mzigo.

Mmoja wa wateja hawa ni mama anayekaanga chipsi Kayole, hapa Nairobi. Ametukubalia tueleze yaliyomkuta bila kumtaja jina, na wala hatutamtaja aliyemuuzia. Alikuwa amepewa namba ya broka wa viazi kule Ol Kalou. Wakaongea jioni moja, dakika nne hivi, mtandao ukikatika katika. Wakapatana magunia 20 ya Shangi, elfu mbili na mia mbili kila gunia, ifike Alhamisi saa mbili. Akatuma arbuni, ile wengi wetu tunaita dipoziti, shilingi 15,000. Ujumbe wa muamala ukaingia, akalala akijua kazi imeisha.

Alhamisi saa mbili asubuhi hakukuwa na lori. Saa sita hakukuwa na lori. Kastama wa mchana wakala kwa jirani. Lori likafika saa mbili usiku, na huyo dereva alishangaa sana kuulizwa kwa nini amechelewa, kwa maana yeye alijua amefika mapema. Magunia yalikuwa madogo kuliko alivyotarajia. Halafu dereva akasema kuna 5,000 ya usafiri, yaani 250 kwa kila gunia, juu ya ile 44,000. Mama akakataa mzigo wote na asubuhi yake akatupigia simu turudishe ile 15,000.

Hatukuweza. Kurudisha muamala ni kwa pesa iliyoenda kwa mtu ambaye hukumkusudia, kwa mfano ukikosea tarakimu moja ya namba. Hii ilienda kwa aliyekusudiwa. Rekodi yetu ilisema kweli kuhusu nani, kiasi gani, tarehe gani na saa ngapi. Kuhusu viazi haikuwa na neno hata moja. Na ndivyo ilivyo kwa kila ujumbe wa muamala ulio kwenye simu yako sasa hivi: unaonyesha pesa imetoka, lakini hauonyeshi imetoka kwa ajili ya nini.

Nani alidanganya?

Hakuna. Na hili ndilo tungependa ulishike, kwa sababu watu wengi hufikiri kuandika mapatano ni kwa ajili ya kujikinga na wezi. Tuliposikiliza pande zote mbili za hadithi hii, tulikuta watu wawili wakweli ambao kila mmoja alitoka kwenye simu ile ile na mapatano yake.

Chukua neno gunia. Mama alizoea kununua viazi kwa watu wanaouza lumbesa, lile gunia linaloshonewa kofia juu mpaka linapita kiasi. Kwake yeye gunia ni hilo. Broka naye alikuwa anapakia kilo 50, na kisheria yeye ndiye aliyekuwa sawa, kwa maana kanuni za viazi za mwaka 2019 zinakataza mfuko unaozidi kilo 50. Lakini kwenye simu hakuna aliyetaja kilo. Walitaja gunia, wote wakaelewa, na kila mmoja akaelewa lake.

Bei nayo. "Elfu mbili na mia mbili" ni bei ya wapi? Broka alimaanisha bei ya pale kwenye stoo yake Ol Kalou. Mama alimaanisha bei ya mlangoni kwake Kayole. Ukiwa muuzaji wa huko juu, bei ni ya huko, usafiri ni habari nyingine, na huoni haja ya kusema kitu ambacho kila mtu wa kwenu anakijua. Ukiwa mnunuzi, bei ni ile utakayotoa mfukoni.

Halafu saa. Lori la viazi linapakia mchana, linashuka jioni, linafika Nairobi usiku. Kwa broka, saa mbili ya mzigo ni saa mbili usiku, haiwezi kuwa nyingine. Kwa mtu anayewasha jiko saa nne asubuhi, saa mbili ni ya asubuhi, nayo pia haiwezi kuwa nyingine. Na kuna wale kati yetu ambao wakiongea wanachanganya saa za Kiswahili na za Kiingereza katika sentensi moja, ukisikia "nane" hujui ni saa nane mchana ama ni saa mbili. Tumeona mzigo ukikosewa kwa masaa sita kwa sababu hiyo tu.

Simu inaficha mambo haya kwa sababu inakuacha na hisia kwamba mmeelewana. Umesikia "sawa, sawa, hakuna shida", na hiyo sauti ndiyo unayoikumbuka, si maneno yenyewe. Tarakimu ndizo huumia zaidi. Jaribu kusema "mia tatu" na "mia tano" ukiwa sokoni, matatu zinapiga honi nyuma yako, uone kama mtu wa upande wa pili atazitofautisha.

Meseji yenyewe

Wiki tatu baadaye yule mama alirudi kwa broka yule yule. Viazi vyake vilikuwa vizuri, na wakati huo ugomvi ulikuwa umepoa: broka alikuwa amekubali kushikilia ile 15,000 mpaka agizo lijalo. Safari hii, simu ilipoisha, alikaa chini akaandika. Tunaiweka hapa kama alivyoituma, tumebadilisha tarehe tu:

"Habari Mzee. Ni mimi wa chipsi Kayole. Tumeongea leo Jumatatu tarehe 11 jioni, na nimeelewa hivi: Viazi Shangi magunia 20, kila gunia kilo 50. Bei 2,300 kwa gunia ikiwa imefika kwangu Kayole, usafiri na kushusha vikiwa ndani ya hiyo bei. 20 x 2,300 = 46,000. Arbuni ni ile 15,000 uliyo nayo. Inabaki 31,000, nitalipa mzigo ukishahesabiwa. Kufika Alhamisi tarehe 14, saa mbili ASUBUHI. Kama kuna mahali nimekosea nirekebishe kabla hujapakia. Ukinijibu ni sawa, endelea."

Angalia jinsi alivyoanza. Hakusema "tumekubaliana", alisema "nimeelewa hivi". Ni neno dogo lakini linabadilisha kila kitu, kwa sababu linampa Mzee nafasi ya kusahihisha bila kuonekana anavunja ahadi. Ukimwandikia mtu "ulisema 2,300", umemwita kwenye kesi. Ukimwandikia "nimeelewa 2,300", umemwomba msaada.

Cha pili ni kwamba hakumuuliza maswali. Angeweza kuandika "Mzee, nikumbushe bei ilikuwa ngapi?" na angejibiwa. Lakini swali linaleta jibu moja la kitu kimoja. Ukiandika yote uliyoyaelewa, hata yale unayodhani hayana shaka, unaweka wazi yale ambayo usingefikiria kuyauliza. Asingewahi kuuliza "je, saa mbili ni ya asubuhi?" kwa sababu kichwani mwake hilo halikuwa swali. Aliandika ASUBUHI kwa sababu ya kilichomkuta mara ya kwanza, na sisi tunakuomba uandike bila kusubiri kikukute.

Cha tatu ni ile hesabu: 20 x 2,300 = 46,000. Ionekane yote, idadi, bei na jumla. Watu wengi wanaandika jumla peke yake, ama bei peke yake. Lakini ukiziweka zote tatu, zinachungana. Mtu anayesoma meseji haraka akiwa shambani anaweza kupita juu ya 2,300 bila kuona kitu, lakini jumla ya pesa atakayopokea anaijua, ameshaipigia hesabu, ameshaigawa kichwani: hii ya mkulima, hii ya lori, hii yangu. Jumla ikiwa si yake, macho yatasimama.

Na ndivyo ilivyokuwa. Jibu la Mzee lilikuja baada ya dakika kumi:

"Sawa mama lakini 46 hapana. Ni 50. Nilisema elfu mbili mia TANO. Na kushusha ni juu yako, gari langu linaleta tu. Hayo mengine sawa."

Mia tatu na mia tano. Kumbe tofauti ya shilingi 4,000 ilikuwa imekaa pale katikati yao tangu mwanzo wa simu, na ya pili ya kushusha, ambayo hawakuwa wameitaja kabisa. Hebu fikiria tofauti hiyo ikijulikana lini ingekuwa nafuu. Jumatatu usiku viazi bado viko Ol Kalou, kosa hilo linagharimu meseji moja. Alhamisi lori likiwa limesimama barabarani Kayole, dereva ana haraka na majirani wanatazama, kosa lile lile linagharimu 4,000 na uhusiano mzima.

Tuseme pia ukweli usiopendeza: safari hii aliyekosea kusikia huenda alikuwa mama mwenyewe. Hatujui, hakuna aliyerekodi simu. Watu huja kwetu wakidhani kuandika kutamfunga sapulaya. Mara nyingi kunakusahihisha wewe, na hapo umefaidika vile vile, kwa sababu bajeti yako ya wiki ulikuwa umeipanga kwa 46,000 ambayo haikuwepo.

Rekebisho likija, usijibu "sawa" tu

Mama alipiga simu tena. Wakabishana kidogo, kama watu wa biashara wanavyobishana, na wakakutana katikati: 2,400 kwa gunia, kushusha juu ya mama. Hapa ndipo wengi huteleza. Meseji ya kwanza inasema 2,300, jibu linasema 2,500, na mapatano ya kweli, 2,400, yako hewani tena. Mtu akifungua simu Alhamisi ataona tarakimu mbili na zote si zenyewe.

Kwa hiyo baada ya simu ya pili aliandika tena, yote, kuanzia juu: magunia 20 ya kilo 50, bei 2,400 ikiwa imefika Kayole, kushusha ni kwangu, 20 x 2,400 = 48,000, arbuni 15,000 uliyo nayo, inabaki 33,000, Alhamisi tarehe 14 saa mbili asubuhi. Akamalizia: "Hii ndiyo ya mwisho, ile ya kwanza tuiache." Inachosha kuandika upya kitu kirefu kwa sababu ya tarakimu moja, tunajua. Lakini meseji ya mwisho inatakiwa isimame peke yake, mtu aisome bila kutafuta vipande vya juu.

Mzee akajibu: "Sawa hiyo." Maneno mawili, na yanatosha. Mama hakutuma shilingi nyingine kabla ya hayo maneno mawili, kwa sababu pesa ya kwanza ilikuwa tayari huko. Wewe ambaye hujatuma kitu, shikilia arbuni mpaka jibu lifike. Mpangilio ni simu, meseji, jibu, kisha pesa. Ukigeuza ukatuma pesa kwanza na meseji baadaye, bado ni afadhali kuliko kutoandika, ila utakuwa umepoteza ile dakika ambayo sapulaya ana sababu ya kusoma kwa makini.

Ukishatuma arbuni, ongeza mstari mmoja chini ya mazungumzo hayo hayo: nakili namba ya muamala iliyo kwenye ujumbe wetu, kisha andika "arbuni ya magunia 20 ya Alhamisi tarehe 14". Ukilipa kwa Paybill, sehemu ya akaunti inaweza kukusaidia kidogo, ingawa mara nyingi sapulaya amekupa cha kuandika pale. Ukilipa kwa Till hakuna mahali pa kueleza pesa ni ya nini. Mstari huo ndio unaounganisha rekodi yetu na rekodi yenu, na bila huo zitabaki vitu viwili visivyojuana.

Asipojibu je?

Kunyamaza si kukubali. Alama mbili za bluu pia si kukubali, zinaonyesha tu kwamba meseji ilifunguliwa, labda na mtoto. Mpigie, useme, "Mzee nimekuandikia, hebu niangalizie kama ni sawa." Mara nyingi atakujibu kwa mdomo: "Nimeona, iko sawa." Basi andika mstari mmoja: "Asante, umenithibitishia kwa simu saa tatu usiku kwamba iko sawa." Si nzuri kama jibu lake mwenyewe. Ila kama haiko sawa, amepata nafasi ya pili ya kusema.

Kuna masapulaya ambao hawapendi kuandika, na kuna ambao kusoma ni kazi. Kwa hao, soma meseji yako kwa sauti ukiwa kwenye simu, polepole, tarakimu moja moja, ndipo uitume. Ujumbe wa sauti unaweza kusaidia mtu kama huyo, lakini usiutegemee kama rekodi: siku ya ubishi hakuna atakayesikiliza sauti ya dakika tatu akitafuta mahali ulipotaja bei. Utume sauti ukitaka, na maandishi pia.

Na wapo wanaokasirika. "Kwani huniamini?" Mama huyu aliambiwa hivyo hivyo. Alijibu, "Nakuamini Mzee, masikio yangu ndiyo siyaamini, huku kuna kelele." Tunaona jibu hilo ni zuri kuliko lolote ambalo sisi wa ofisini tungekutungia. Sapulaya mwenye oda kumi kwa wiki naye anafaidika. Naye huchanganya nani alitaka Alhamisi na nani alitaka Jumamosi.

SMS ama WhatsApp? Tumia ile anayoijibu. Ila ujue kwamba kwenye WhatsApp mtu anaweza kufuta meseji yake kwa pande zote mbili, na mazungumzo mengine yamewekwa yafutike yenyewe baada ya muda. Ukitegemea WhatsApp, jibu likifika piga picha ya skrini. SMS haifutwi na aliyeituma, lakini simu ikipotea imepotea nayo, kwa hivyo bado daftari la duka halijapitwa na wakati. Nakili mistari miwili: jumla, arbuni, siku.

Sheria inasemaje

Tuseme kidogo tu, kwa sababu watu wengi huuliza kama meseji ina nguvu. Sheria ya Kenya ya uuzaji wa bidhaa, Sura ya 31, ina kifungu cha zamani kinachosema mauzo ya bidhaa za shilingi 200 au zaidi hayawezi kudaiwa mahakamani isipokuwa mnunuzi amepokea sehemu ya bidhaa, au ametoa arbuni ama sehemu ya malipo, au kuna maandishi yaliyotiwa sahihi na yule anayedaiwa. Shilingi 200 siku hizi ni karibu kila kitu. Kwa hiyo ukishatuma arbuni, mlango wa kudai umefunguka, na ujumbe wa muamala ni ushahidi kwamba ulituma.

Lakini umefunguka kudai nini? Hapo tunarudi pale pale. Arbuni inathibitisha kwamba kulikuwa na mapatano, haisemi yalikuwa ya kilo ngapi. Jibu la "Sawa hiyo" chini ya meseji yako ndilo linalosema. Ikifika huko, kuna Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai ya hadi shilingi 1,000,000, na unaweza kwenda bila wakili. Ukienda na muamala peke yake utakuwa na neno lako dhidi ya neno lake kuhusu kila kitu kingine.

Mpaka wa njia hii tuuseme wazi pia. Meseji hairudishi pesa kwa mtu aliyezima simu na kutoweka. Tapeli atakujibu "sawa" haraka kuliko sapulaya wa kweli. Kinachokulinda hapo ni kuanza na arbuni ndogo kwa mtu mgeni, na kusoma jina linalotokea kwenye skrini kabla muamala haujakamilika. Na kama katikati ya mazungumzo unapata meseji kwamba "Till imebadilika, tuma kwa hii mpya", usijibu kwa meseji. Piga namba uliyokuwa nayo siku zote, usikie sauti unayoijua, ndipo ulipe.

Alhamisi tarehe 14

Lori lilifika saa mbili na nusu asubuhi. Dereva hakuwa yule wa kwanza, na hakujua lolote la simu wala meseji. Aliambiwa tu akusanye 33,000. Mama alikodi vijana wawili wa kushusha, kwa sababu hilo lilikuwa juu yake na alilijua tangu Jumatatu. Magunia mawili yakawekwa kwenye mzani wa duka la jirani, kilo zikatosha. Kisha wakahesabu. Yalikuwa 19.

Wakahesabu tena, dereva mwenyewe akihesabu. 19. Dereva akaanza kusema yeye alipakia ishirini, ama aliambiwa ni ishirini, na kwamba atakatwa yeye. Mama hakubishana naye. Alimwonyesha meseji, akampigia Mzee simu, akaweka spika ili dereva asikie. Mzee akanyamaza kidogo, akauliza kitu kwa Kikuyu kwa mtu aliyekuwa karibu naye, kisha akasema kweli moja limebaki stoo.

19 x 2,400 ni 45,600. Toa arbuni 15,000, inabaki 30,600. Aliituma pale pale dereva akiwa amesimama, na chini ya mazungumzo yale yale akaandika: "Nimepokea magunia 19, moja limebaki kwako. Nimelipa 30,600, jumla na arbuni ni 45,600. Hatudaiani." Jibu lilikuja kabla lori halijageuza: "Sawa mama. Lile moja nikuletee Jumapili?"

Akampigia kukubali. Kisha akaandika: gunia 1, kilo 50, 2,400, Jumapili tarehe 17, saa mbili ASUBUHI.